Umeme ukikatika, maji nayo hukatika: nifanyeje na saluni yangu?

*Mama Mshauri, shikamoo.*

*Nina saluni ya wanawake hapa Arusha, maeneo ya Sombetini, na huu ni mwaka wa nne tangu nianze. Nina draya mbili za kukalia, draya moja ya mkono, sinki moja la kuoshea nywele na wasichana wawili wanaonisaidia. Jumamosi napata wateja 10 hadi 12, na kati yao wanne au watano ni wa kuweka dawa.*

*Tatizo langu ni umeme na maji. Umeme hukatika bila taarifa, na maji ya bomba huja usiku mara mbili kwa wiki, ambapo mwenye nyumba huyakusanya kwenye tangi la chini, kisha mota yake huyasukuma hadi kwenye mabomba yetu. Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, nilikuwa nimemaliza kumpaka dawa mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu wa shule ya msingi. Umeme ukakatika, na tulipomlaza kwenye sinki maji yalitoka kidogo tu yakaisha. Nilimtuma msichana akaombe maji kwa jirani, na hadi aliporudi na ndoo moja mama wa watu alikuwa analia. Alipata vidonda nyuma ya masikio na kisogoni. Hajarudi tena, nami sijapata ujasiri wa kumpigia simu.*

*Siku hiyo hiyo wateja wengine watatu waliokuwa na rola kichwani walisubiri umeme kwa saa nne, nami nikiwaambia kila baada ya muda kwamba utarudi sasa hivi. Wawili walikuwa wanakwenda kwenye sendofu. Waliondoka na nywele mbichi.*

*Kikoba chetu kimenipa zamu ya kukopa shilingi 1,500,000. Mume wangu anasema ninunue jenereta, na muuzaji ametutajia shilingi 1,100,000 kwa jenereta ya petroli iliyoandikwa kVA 2.5. Dada yangu anasema nifunge sola. Mwenzangu wa saluni ya jirani ananishauri nisiwaambie wateja kamwe kwamba umeme haupo, kwa sababu wakijua watakwenda kwingine. Anasema mteja akishafika na kukaa, atasubiri. Nisaidie kufikiri, maana mkopo nikikosea kuutumia sitapata mwingine hadi mwakani.*

*Mama wa Saluni, Arusha*

---

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama pale pale, kwenye ile ndoo moja ya maji. Niliendesha saluni Moshi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kazi hii ya kushauri, na ninaijua hofu ya kusimama nyuma ya mtu mwenye dawa kichwani huku bomba likikohoa hewa. Kwa hiyo nitaanza na maji, ingawa umeniuliza zaidi kuhusu umeme.

Umeeleza kwamba maji hukaa kwenye tangi la chini na husukumwa na mota. Maana yake ni kwamba siku ile maji hayakuwa yameisha. Yalikuwa kwenye tangi la mwenye nyumba, pengine mamia ya lita, hatua chache kutoka mahali alipolala mwalimu wako, lakini mota haikuwa na umeme wa kuyapandisha. Yale kidogo yaliyotoka ni yale yaliyobaki ndani ya bomba. Ninakuomba ulitafakari hilo kabla ya kuzungumzia jenereta, kwa sababu umekuwa ukihesabu matatizo mawili yanayogongana kwa bahati mbaya, na mimi ninaona kwamba kwa sehemu kubwa ni tatizo moja. Ukiwa na maji yaliyokwisha kupandishwa juu ya usawa wa sinki lako, yatashuka yenyewe hata umeme ukilala siku nzima.

Urefu unaohitajika si mkubwa. Kitako cha tangi kikiwa mita moja na nusu au mbili juu ya bomba la sinki, na bomba la kushushia likiwa la inchi robo tatu badala ya nusu inchi, utapata maji ya kutosha kusuuza nywele. Hayatakuwa na nguvu kama ya mota, na hita ya kuogea ya papo kwa papo huenda isiwake kwa mgandamizo huo mdogo, lakini kwa kutoa dawa kichwani huhitaji nguvu. Unahitaji maji yanayotiririka bila kukatika, basi.

Sasa ni kiasi gani? Usikubali jibu la kukisia, liwe langu au la fundi. Siku mota inafanya kazi, weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba la sinki, lifungue kama unavyolifungua ukiosha mteja, na utazame saa. Tuseme ndoo inajaa kwa dakika tatu hivi, maana yake bomba lako linatoa karibu lita 7 kwa dakika. Dawa isuuzwe kwa maji matupu kwa dakika tano hivi kabla ya shampuu kugusa kichwa. Hizo ni lita 35. Shampuu ya kuondoa makali ya dawa, mara mbili, pamoja na kusuuza, weka lita 15, na kondishena lita 10. Kichwa kimoja cha dawa kitakuwa kimekula lita 60. Mteja wa kuosha tu, bila dawa, anaweza kutosheka na lita 25. Kwa Jumamosi yako yenye wateja watano wa dawa na sita wa kuosha, ni lita 300 na lita 150, ongeza 50 za taulo, vyombo na sakafu. Utahitaji lita 500 kwa siku yako yenye kazi nyingi kuliko zote.

Kwa hesabu hiyo, tangi la lita 1,000 lingekubeba siku mbili za namna hiyo, na la lita 500 siku moja. Hapo ndipo pana uchaguzi wako, na kila upande una hatari yake. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja kabla ya kuhesabu tangi lenyewe, na nimewahi kuona mtu akiliweka juu ya fremu ya mbao iliyokuwa inabeba mapazia. Tangi la namna hiyo linataka kichanja cha chuma kilichochomelewa vizuri na kusimamishwa juu ya zege, au mnara wa tofali, na vyote hivyo vinataka ruhusa ya mwenye nyumba, ikiwezekana kwa maandishi, ili siku ukihama uondoke navyo. Tangi la lita 500 ni rahisi kulipandisha na kulihamisha, lakini wiki ambayo maji ya bomba hayakuja kabisa litakuacha mikono mitupu mapema, na utalazimika kununua maji ya boza. Vyovyote utakavyochagua, fundi afunge boya ili tangi lijae lenyewe kila mota inapofanya kazi usiku bila kufurika, na valvu ya kuzuia maji yasirudi chini mota inapozimika. Valvu hiyo ni kitu kidogo sana ambacho mafundi wengine hukisahau, na tangi lililojaa usiku linakutwa tupu asubuhi.

Kisha kuna jambo ambalo halihitaji mkopo wowote. Nunua madumu mawili ya lita 20, uyajaze maji safi, uyaweke chini ya sinki pamoja na jagi lenye mdomo mwembamba, na uwaambie wasichana wako kwamba hayaguswi kwa kupigia deki wala kwa chai. Yabadilishe maji kila wiki. Hayo ni maji ya kichwa chenye dawa peke yake.

Nisisitize kwa nini. Dawa ya kulainisha nywele inafanya kazi kwa sababu ni alikali kali sana. Nyingine zina hidroksidi ya sodiamu na nyingine zina hidroksidi ya kalsiamu inayochanganywa na maji ya kuamshia, na hata hizi za pili, ambazo tunauziwa kama laini kwa ngozi, zinaunguza zikikaa kupita muda wake. Dawa haijui kwamba umeme umekatika. Muda ulioandikwa kwenye kopo ukifika, inaendelea kula nywele, kisha ngozi, na huanzia pale pale ulipoona vidonda, nyuma ya masikio na kisogoni, ambako ngozi ni laini na mkono wa msusi hupita haraka kupaka mafuta ya kinga. Msichana wako alipokwenda kwa jirani, dakika zilikuwa zinahesabika.

Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, usingoje maji kwanza. Ondoa dawa nyingi iwezekanavyo kwa mgongo wa kitana na kwa taulo, ukipangusa kutoka kwenye ngozi kwenda nje bila kusugua, kisha tumia maji yoyote safi yaliyopo, hata ya kunywa ya kwenye chupa kubwa, ukianzia palipouma. Usipake shampuu juu ya dawa ambayo haijasuuzwa, wala usimwagie limau au siki kama wanavyoshauriana baadhi ya wasusi. Asidi ikikutana na alikali hutoa joto, na ngozi hiyo tayari imeumia. Maji yawe ya uvuguvugu au ya baridi, kamwe yasiwe ya moto. Dawa ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi kwa robo saa au zaidi na mtu apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Shampuu nyingi za kuondoa makali hubadilika rangi: povu likiwa la waridi, alikali bado ipo, likiwa jeupe, imekwisha. Ukiwa na maji machache, kidokezo hicho kitakuonyesha wakati wa kusimama, na pia kitakuzuia usisimame mapema.

Kutokana na hesabu ile ile unaweza kujiwekea mpaka. Kwa kila kichwa kinachopakwa dawa, tangini ziwepo lita 60, na zaidi ya hapo lita 40 za tahadhari. Ukiwa na vichwa viwili kwa wakati mmoja, ni lita 160. Mwambie fundi akufungie mpira mwangavu pembeni ya tangi ili uone maji yalipofika, na upige mstari kwa rangi pale penye lita 160. Maji yakiwa chini ya mstari, saluni iko wazi, watu wanasukwa, wanashonewa, wananyolewa, lakini kopo la dawa halifunguliwi. Ninajua Jumamosi ya sendofu mteja atakubembeleza, na msichana wako atakutazama akisubiri useme ndiyo. Mstari uliochorwa tangini hukusaidia kukataa kuliko kumbukumbu.

Nimekaa sana kwenye maji kwa sababu hapo mtu anaumia. Kwenye umeme anayeumia zaidi ni mfuko wako.

Mume wako hajakosea anapotaja jenereta, kwa kuwa kukausha rola kunataka joto, na joto ndilo linalokula umeme. Tazama kibandiko cha nyuma ya draya zako za kukalia. Nyingi zimeandikwa wati 1,000 hivi. Draya ya mkono huwa wati 1,800 hadi 2,200. Mashine ya kunyolea haifiki wati 20, taa moja ya LED ni wati 9 hivi, na pasi ya nywele mara nyingi haizidi wati 100. Kwa hiyo saluni yako ina kazi za aina mbili, za joto na zisizo za joto, na vifaa vya kuzisaidia si vile vile.

Kuhusu jenereta uliyotajiwa, ninakuomba umuulize muuzaji swali moja: je, kVA 2.5 ni nguvu yake ya juu kabisa au ni ile inayoweza kuibeba saa nzima? Mara nyingi namba kubwa ya kwenye boksi ni ya juu kabisa, na ya kudumu ni pungufu, pengine wati 2,000. Tena Arusha iko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na injini ya petroli inapovuta hewa nyepesi hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake. Zikibaki wati 1,700 au 1,800, draya zako mbili zikiwashwa pamoja kwa moto wa juu zitaielemea, na draya ya mkono peke yake itaisumbua. Utajua imeelemewa ukisikia mlio wake umekuwa mzito, taa zikififia, na draya ikipuliza hewa ya uvuguvugu ambayo haikaushi. Unaweza kuwasha draya moja moto wa juu na ya pili moto wa chini, au kununua jenereta kubwa zaidi na kukosa hela ya tangi. Nilitaka ulijue hilo kabla hujalipa, kwa sababu ulihesabu kwamba shilingi 1,100,000 zitarudisha kazi yako yote, na hazitairudisha yote.

Kisha hesabu petroli. Jenereta ya ukubwa huo ikibeba draya hunywa lita moja kwa saa, pengine zaidi kidogo. Tuseme lita moja unainunua kwa shilingi 3,000 na rola zinakauka kwa saa moja. Mteja mmoja akikaa peke yake, kichwa chake kimekula shilingi 3,000. Wakikaa wawili kwa pamoja, kila mmoja amekula 1,500 au zaidi kidogo. Kumbe faida ya jenereta inategemea kama unaweza kuwakusanya wateja wakaushwe kwa wakati mmoja, na kuwakusanya hakuwezekani bila kuwaambia ukweli kwamba umeme haupo. Nitarudi hapo.

Ukiinunua, kuna mambo ambayo sitayapunguzia uzito. Isiwashwe ndani, wala koridoni, wala mlangoni hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamekaa, na aliye chini ya draya hatajitambua mapema. Iwe nje, mbali na madirisha, na muffla yake ielekee kusikokuwa na mtu. Isiunganishwe na nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili, kwa sababu umeme huo unaweza kutoka hadi kwenye nyaya za barabarani na kumuua fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa. Fundi umeme anayetambulika akufungie swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa kawaida na jenereta, au la, draya zichomekwe moja kwa moja kwenye jenereta kwa kebo nene. Na umeme wa kawaida unapokatika, chomoa draya na pasi zote. Unaporudi, subiri dakika tano kabla ya kuzichomeka, kwani mara nyingi hurudi kwa kupanda na kushuka, na hapo ndipo mota za draya huungua.

Dada yako naye ana hoja, ila si hoja ya draya. Betri moja ya asidi ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na kwa kuwa haifai kuishusha chini ya nusu, na inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo hula kidogo, utapata kama 500 za kutumia. Draya moja ya kukalia itaimaliza kwa nusu saa. Lakini taa tano za LED na mashine ya kunyolea havifiki wati 70 kwa pamoja, na vitaendelea kwa saa saba. Kwa saluni inayosuka rasta na twende kilioni hadi saa mbili usiku, hiyo ni kazi ambayo haitasimama tena, bila kelele na bila petroli. Betri hiyo inaweza kuchajiwa na umeme wa kawaida unapokuwepo. Paneli ya juani si lazima uanze nayo. Hatari yake ni kwamba umeme ukikosekana siku mbili mfululizo bila paneli, betri inalala nawe gizani, na betri ya asidi inayoishiwa mara kwa mara hufa mapema.

Njia zako sasa, kama ninavyoziona, ni kama tatu. Unaweza kuweka maji kwanza, pamoja na betri ya taa, na siku ya giza kusogeza kazi za rola kwenda siku nyingine. Utapoteza baadhi ya wateja wa sherehe, lakini hutaingia gharama ya petroli. Unaweza kuweka maji kwa tangi dogo kisha jenereta, mkopo ukaisha wote, na hapo ujiulize rejesho la kikoba litatoka wapi mwezi ambao umeme haukukatika na jenereta imekaa kimya. Au unaweza kuweka maji, kisha kwa miezi miwili uandike kwenye daftari kila umeme unapokatika: siku, saa, muda, na kazi gani ilishindikana kwa thamani gani. Daftari hilo linaweza kukuonyesha kwamba unapoteza shilingi 20,000 kwa mwezi au 200,000, na majibu hayo mawili hayaendi kwenye duka moja. Udhaifu wake ni kwamba fedha ya mkopo iliyokaa nyumbani huwa na wenyewe wengi.

Labda uzungumze na mume wako ukiwa umeshapima ndoo na kusoma vibandiko vya draya. Mazungumzo yenu yatakuwa juu ya lita na wati, wala si juu ya nani ana wazo zuri.

Na sasa huyu mwenzako wa saluni ya jirani. Ninaelewa anakotoka, kwa maana sisi sote tumewahi kuogopa mteja akivuka barabara. Lakini itazame Jumamosi yako. Wale waliokwenda kwenye sendofu na nywele mbichi walikasirishwa na umeme, au na saa nne za kuambiwa utarudi sasa hivi? Kama ungewaambia mapema, wangeweza kwenda kwa mtu mwenye jenereta, au kuomba wasukwe mtindo usiohitaji draya, au kufunga kilemba kizuri. Ulipowashikilia, uliwanyima uchaguzi huo, na sidhani kama ulikusudia. Mimi ninahofia kwamba mteja anayesubiri kwa kutojua hukaa mara hiyo moja tu.

Jaribu kutuma ujumbe kila asubuhi ya miadi, kwa simu au wasapu, wenye mambo matatu tu: kilichopo, kisichokuwepo, na anachoweza kuchagua. Kwa mfano: «Dada, habari za asubuhi. Umeme haupo tangu saa moja, maji yapo. Kuweka dawa na kusuka tunaendelea. Rola tutakausha kwa jenereta saa tano na saa tisa tu, kwa nyongeza ya shilingi 2,000. Uje saa ngapi, au tukupangie Jumatatu?» Unaona hapo zile saa mbili zilizotajwa zinakukusanyia wateja wawili wawili, na hesabu ya petroli inakaa sawa. Nyongeza, kama utaitoza, isemwe hapo kabla hajatoka nyumbani, kamwe isisemwe wakati anafungua pochi. Wapo wenye saluni wasiotaka kumtoza mtu kwa siku ya giza, nao huongeza shilingi 500 kwenye bei ya kila siku. Hilo halileti maneno mlangoni, ila anayekuja siku ya umeme anamlipia anayekuja siku ya jenereta. Wewe unawajua wateja wako wa Sombetini kuliko mimi.

Usimtajie mtu saa ya umeme kurudi isipokuwa umepata taarifa rasmi. Sema unachojua: «Sijui utarudi saa ngapi. Ikifika saa nane umeme haujarudi, nitakufungua rola na kukubana nywele kwa mtindo mwingine, nawe utalipa kuosha tu.» Mtu mwenye saa ya kuondoka kichwani hukaa kwa utulivu. Na kwa kuwa Juni na Julai Arusha ni baridi na rola hazikauki kwa hewa tu, miezi hiyo usimfunge mtu rola umeme ukiwa haupo na jenereta haipo, hata akisema atavumilia.

Limebaki jambo la mwalimu wako. Umesema hujapata ujasiri, nami ninafikiri unalihesabu kama deni la aibu. Huenda yeye anasubiri tu kujua kama uliona maumivu yake. Simu inaweza kuwa nyepesi mno kwa jambo hili. Ukienda nyumbani kwake jioni, na mtu mmoja anayekufahamuni nyote ikiwa unaogopa kwenda peke yako, utaona vidonda vimefikia wapi. Vikiwa bado vinatoa maji au usaha, au nywele hazioti mahali hapo, aende hospitali, na gharama hiyo itafaa uibebe. Usimpe ofa ya kuwekewa dawa bure, kwa kuwa ngozi hiyo haifai kuguswa na dawa hadi ipone kabisa, na ofa hiyo itamwonyesha kwamba hujaelewa kilichomuuma. Mweleze kilichotokea kama nilivyokueleza, kwamba maji yalikuwepo chini na hukuwa na njia ya kuyapandisha, na kwamba hukupaswa kufungua kopo la dawa bila maji ya akiba. Akikuuliza umebadilisha nini, uwe tayari unayo yale madumu mawili chini ya sinki, hata kama tangi bado.